Namna ya kuandika upya sentensi ya kwanza ya barua ya maombi ya kazi

“Kichwa cha habari hapo juu chahusika.” Ukikaa upande wa wanaochuja maombi ya kazi, sentensi hii utaisoma mpaka macho yaache kuiona. Ina ndugu zake: “Husika na mada tajwa hapo juu”, “Rejea somo tajwa hapo juu”, “Naandika barua hii kwa heshima na taadhima kuomba nafasi ya kazi katika ofisi yako”. Baada yake karibu kila mara huja: “Mimi ni kijana mwenye umri wa miaka 27, mchapakazi, mwaminifu, mwenye uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo.”

Hakuna kosa la sarufi hapo, wala hakuna utovu wa adabu. Tatizo ni kwamba msomaji amemaliza sentensi mbili na bado hajui jambo lolote kuhusu aliyeandika. Anayechuja maombi ana rundo mbele yake, na anachotafuta ni sababu ya kuiweka barua hii kando isomwe kwa utulivu. Sentensi ya kwanza isipompa sababu hiyo, anaruka moja kwa moja hadi kwenye wasifu, na barua uliyoihangaikia inabaki kuwa karatasi ya kufunikia.

Mwongozo huu unashughulikia sentensi hiyo moja tu. Nitachukua barua ya mwombaji mmoja wa kubuni na kuibadilisha hatua kwa hatua, ili uone kila neno limetoka wapi na kwa nini.

Mfano wetu

Mwombaji ni msaidizi wa mtunza stoo katika hospitali. Ameona tangazo hili:

“Anatakiwa Mtunza Ghala wa dawa na vifaa tiba. Atapokea na kutoa mizigo, atahesabu stoo kila mwisho wa mwezi, atahakikisha bidhaa hazipitwi na muda wa matumizi, na atatoa taarifa ya upotevu kwa meneja kila mwezi. Awe na uzoefu usiopungua miaka 2, awe mwaminifu na ajue kutumia kompyuta.”

Barua yake inaanza hivi:

“Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Mimi ni kijana mwenye umri wa miaka 27, mchapakazi na mwaminifu, naomba nafasi ya kazi ya Mtunza Ghala katika kampuni yako yenye sifa njema kama ilivyotangazwa.”

Hatua ya kwanza: kata kila neno ambalo mwingine angeweza kuliandika

Chapisha barua yako au inakili kwenye karatasi, kisha chukua kalamu. Kwa kila kipande cha sentensi jiulize maswali mawili. La kwanza: je, mwombaji mwingine wa nafasi hii hii angeweza kuandika maneno haya bila kubadilisha chochote? La pili: je, mimi mwenyewe ningeweza kuyatuma maneno haya kwa mwajiri mwingine bila kubadilisha chochote? Jibu likiwa ndiyo kwa swali mojawapo, kikate kipande hicho.

Tuikate barua ya mwombaji wetu. “Kichwa cha habari hapo juu chahusika” inaweza kukaa kwenye barua yoyote duniani, basi inaondoka. “Mchapakazi na mwaminifu” ataandika kila mtu, hata mvivu na mwizi, inaondoka. “Kampuni yako yenye sifa njema” ingefaa kwa kampuni yoyote, inaondoka. “Kama ilivyotangazwa” haiongezi kitu. Jina la nafasi, “Mtunza Ghala”, ni la lazima, lakini limeshaandikwa kwa herufi kubwa kwenye mstari wa YAH, au KUH kwa wanaotumia hivyo, na hakuna haja ya kulirudia sentimita mbili chini yake. Kimebaki kitu kimoja tu ambacho ni chake: miaka 27. Na umri si sifa ya kazi. Tangazo halikuuliza umri, na kuutaja mapema kunampa msomaji nafasi ya kukuona mdogo mno au mkubwa mno kabla hajajua unachokiweza.

Kwa hiyo katika maneno yote yale, hakuna hata moja lililobaki. Usishtuke hilo likikutokea, ndilo jambo la kawaida. Maana yake ni kwamba sentensi haikarabatiki. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanajaribu kuipamba ya zamani kwa maneno mazito zaidi, “mchapakazi” inakuwa “mwenye ari ya hali ya juu”, “mwaminifu” inakuwa “mwenye uadilifu usiotiliwa shaka”. Maneno yamerefuka, habari imebaki sifuri. Iache kabisa, utaandika mpya.

Hatua ya pili: soma tangazo ukitafuta kinachomuumiza mwajiri

Tangazo huonekana kama orodha ya majukumu yaliyo sawa kwa uzito, lakini ukilisoma taratibu utaona si sawa. Nyuma ya kila tangazo kuna mtu aliyechoshwa na jambo fulani. Tafuta dalili tatu: jambo lililotajwa zaidi ya mara moja, hata kwa maneno tofauti, jambo lililoelezwa kwa undani kuliko mengine, na jambo lenye mtu wa kuripotiwa au muda maalumu uliopangwa.

Kwenye tangazo letu, kupokea na kutoa mizigo ni kazi ya kila ghala, imetajwa kwa kupita tu. Kompyuta na miaka 2 ni vigezo vya kuchujia. Lakini angalia: “bidhaa hazipitwi na muda wa matumizi”, kisha mara moja “taarifa ya upotevu kwa meneja kila mwezi”. Hayo ni mambo mawili yanayoelekea pahali pamoja. Dawa zinaisha muda zikiwa kwenye rafu, zinatupwa, pesa zinapotea, na meneja ameamua kwamba safari hii anataka kuambiwa kila mwezi. Hapo ndipo penye maumivu, na sentensi yako ya kwanza inapaswa kugusa hapo.

Andika kwenye karatasi sentensi moja ya siri, ya kwako tu, haiendi kwenye barua: “Huyu mwajiri anataka mtu atakayezuia dawa zisiishe muda kwenye rafu.” Ukishindwa kuiandika sentensi hii, hujalielewa tangazo bado. Lisome tena.

Kuna matangazo yasiyosema lolote, yenye mistari miwili tu na anwani. Hapo huna pa kubahatisha isipokuwa kazi yenyewe. Jiulize mtu wa kazi hii akiwa mbovu, hasara huonekana wapi kwanza? Kwa mhasibu ni hesabu zisizolingana na taarifa zinazochelewa. Kwa mpokezi ni mgeni aliyeachwa amesimama na simu isiyopokelewa. Kwa fundi umeme ni kazi inayorudiwa. Anzia hapo.

Hatua ya tatu: toa ushahidi wako, wote, bila kuupamba

Sasa acha tangazo pembeni. Chukua karatasi nyingine na uandike kila ulichowahi kufanya kinachohusiana na ile sentensi ya siri. Usiandike sifa, andika matendo. Mwombaji wetu aliandika haya:

Nilipanga upya rafu, dawa zinazokaribia kuisha muda zikae mbele. Nilianzisha orodha ya kila Ijumaa ya dawa zilizobakiza chini ya miezi mitatu. Orodha naipeleka wodini na kwa mfamasia ili wazitumie kwanza. Nahesabu stoo na mwenzangu kila mwisho wa mwezi. Kadi za stoo zilikuwa hazijazwi, sasa zinajazwa. Zamani tulikuwa tunatupa katoni nyingi, sasa chache.

Mstari wa mwisho ndio wenye dhahabu, ila bado ni mbichi. “Nyingi” na “chache” ni maneno ya hisia. Kwa kila mstari unaogusa matokeo, jiulize: kiasi gani, tangu lini, na ninajuaje? Swali la tatu ndilo linalosahaulika, nalo ndilo litakalokulinda kwenye usaili.

Mwombaji wetu hakukisia. Alirudi kwenye fomu za hesabu za kila mwezi, ambako dawa zilizotengwa kwa kuisha muda huandikwa. Alijumlisha miezi sita kabla ya kuanzisha orodha ya Ijumaa akapata katoni 31. Miezi sita baada yake akapata katoni 6.

Kabla ya kufurahi, kuna uchunguzi mmoja ambao nakusihi usiuruke. Jiulize kama kuna sababu nyingine iliyoleta tofauti hiyo. Labda hospitali ilipunguza manunuzi kwa nusu kipindi hicho, na dawa zikaisha muda chache kwa kuwa zilikuwepo chache. Labda shehena moja kubwa iliyofika ikiwa imebakiza muda mfupi ndiyo iliyoongeza zile 31. Mwombaji wetu aliangalia leja ya mapokezi na kuona mizigo iliyoingia vipindi vyote viwili inakaribiana. Basi namba yake inasimama. Kama isingesimama, angeacha namba na kutumia tendo lenyewe, na sentensi bado ingekuwa nzuri.

Je, usipokuwa na namba? Wengi wana namba lakini hawazitambui kwa sababu wanafikiri namba ni asilimia tu. Ukubwa wa kazi ni namba: stoo ina aina ngapi za bidhaa, darasa lina wanafunzi wangapi, kwa siku unahudumia wateja wangapi. Marudio ni namba: kila Ijumaa, kila zamu. Muda ni namba: taarifa iliyokuwa inachukua siku tatu sasa inamalizika asubuhi moja. Na kama hata hizo huna, kitu mahususi kinachukua nafasi ya namba vizuri sana. “Orodha ya dawa zilizobakiza chini ya miezi mitatu” haina takwimu ya mafanikio, lakini mtu wa ghala akiisoma anajua mara moja kwamba aliyeandika ameshasimama mbele ya rafu.

Hatua ya nne: unganisha maumivu na ushahidi

Hapa ndipo penye kazi, na rasimu ya kwanza haitatosha. Nitakuonyesha zote jinsi zilivyofuatana.

Rasimu ya kwanza ya mwombaji wetu ilikuwa: “Nina uzoefu wa miaka mitatu katika usimamizi wa stoo ya dawa na vifaa tiba.” Ni bora kuliko ya awali, walau inasema habari. Lakini ipitishe kwenye lile swali la kwanza. Kila aliyefanya kazi stoo miaka mitatu anaweza kuiandika, pamoja na yule ambaye dawa zilimwozea. Miaka inasema ulikuwepo. Haisemi ulifanya nini ulipokuwepo.

Rasimu ya pili ilikwenda upande wa pili kabisa: “Katika stoo ya hospitali ninayofanyia kazi, nilipanga upya rafu zote ili dawa zinazokaribia kuisha muda zikae mbele, nikaanzisha orodha ya kila Ijumaa ambayo naipeleka wodini na kwa mfamasia, nikahakikisha kadi za stoo zinajazwa, jambo ambalo limesababisha katoni zinazotupwa kupungua kutoka 31 hadi 6 ndani ya miezi sita ikilinganishwa na miezi sita iliyotangulia.” Kila kitu ni cha kweli na kila kitu ni mahususi, lakini msomaji amepotea njiani. Mambo manne yanagombania kiti kimoja. Sentensi ya kwanza hubeba tendo moja na tokeo moja. Mengine yana aya zao chini.

Basi achague. Lipi kati ya matendo yale ndilo lililoleta tokeo zaidi, na ambalo ni lake mwenyewe? Kupanga rafu kulifanywa na watu wawili. Kujaza kadi ni wajibu wa kila siku. Orodha ya Ijumaa ndiyo aliyoianzisha yeye. Rasimu ya tatu:

“Katika miezi sita iliyopita, stoo ninayoisimamia imetupa katoni 6 za dawa zilizoisha muda, miezi sita kabla ya hapo ilitupa 31.”

Hii ina nguvu. Ni fupi, namba mbili zinatazamana, msomaji anataka kujua kilichotokea katikati, yaani ile orodha, ambayo itaingia kwenye rasimu ijayo. Hata hivyo ina kasoro mbili ambazo mtu mwenye jicho kali angeziona.

Kasoro ya kwanza ni neno “ninayoisimamia”. Yeye ni msaidizi, msimamizi ni mtu mwingine. Mwajiri akipiga simu kuulizia, neno moja hilo litamwangusha, na atakuwa ameanguka kwa jambo ambalo hakulihitaji, kwa kuwa kuanzisha orodha ukiwa msaidizi kunavutia zaidi kuliko kuianzisha ukiwa msimamizi. Andika cheo chako kilivyo.

Kasoro ya pili ni katoni 31. Hiyo ni habari ya ndani ya mwajiri wako wa sasa, na inamwonyesha akiwa mzembe. Anayekusoma ataanza kujiwazia: huyu akiondoka kwangu ataandika nini kuhusu ghala langu? Pale ambapo namba halisi ni siri ya ofisi au inamwaibisha mtu, igeuze kuwa uwiano. Kutoka 31 hadi 6 ni upungufu wa 25, na 25 kati ya 31 ni zaidi ya robo tatu. Ukisema “zaidi ya robo tatu” umesema kweli, umeficha kisichokuhusu kukitangaza, na namba zenyewe unazo mfukoni ukiulizwa.

Rasimu ya nne:

“Tangu nilipoanzisha orodha ya kila wiki ya dawa zilizobakiza chini ya miezi mitatu, dawa zinazotupwa kwa kuisha muda katika stoo ninayofanyia kazi kama msaidizi zimepungua kwa zaidi ya robo tatu.”

Angalia mpangilio. Tendo limetangulia, tokeo limekuja mwisho, na neno la mwisho kabisa ndilo lenye uzito. Ungeigeuza, “Dawa zinazotupwa zimepungua kwa zaidi ya robo tatu tangu nilipoanzisha orodha ya kila wiki ya dawa zilizobakiza chini ya miezi mitatu”, maana ingebaki ile ile, ila sentensi ingemalizikia kwenye maelezo ya orodha na nguvu ingeishia katikati. Jaribu mipangilio yote miwili kila mara, uisome kwa sauti, usikie inatua wapi.

“Ijumaa” imekuwa “kila wiki”, kwa kuwa siku yenyewe haimsaidii mwajiri. Lakini “chini ya miezi mitatu” imebaki, ingawa ungeweza kusema “dawa zinazokaribia kuisha muda” tu. Nimeiacha kwa makusudi. Ndicho kipande kinachoonyesha kwamba mwandishi ana kipimo cha kazi, na mtu asiyeijua kazi asingekibuni.

Sentensi ya pili ndiyo inayoomba kazi

Sentensi ya kwanza ikikaa peke yake inaweza kuonekana kama majigambo yaliyotua ghafla. Sentensi ya pili huifunga na mwajiri huyu, na hapo ndipo ombi lenyewe linapoingia:

“Tangazo lenu linataka dawa zisipitwe na muda na taarifa ya upotevu itolewe kila mwezi, hizo ndizo kazi mbili nilizozifanya zaidi, na naomba kuzifanya nikiwa Mtunza Ghala wenu.”

Sasa weka ile ya kale na hii mpya pamoja, uzisome kwa macho ya meneja aliyechoka kutia saini fomu za dawa za kutupwa. Ya kale ilimwambia umri. Mpya imemwambia kwamba kuna mtu ameshalitatua tatizo lake kwingine, na kwa njia gani.

Salamu, mstari wa kumbukumbu na mstari wa YAH vinabaki kama vilivyo. Heshima ya barua ya Kiswahili inakaa huko na kwenye namna unavyomwita mtu, haipungui kwa kuondoa “Kichwa cha habari hapo juu chahusika”.

Kuna mahali pa kulegeza kanuni hii. Ofisi nyingine, hasa zenye masharti ya maandishi ya kiserikali, huelekeza barua ianze kwa kutaja kumbukumbu ya tangazo. Ukipewa sharti hilo, litii, kwa maneno machache kabisa: “Naomba nafasi ya Mtunza Ghala, tangazo lenye kumbukumbu iliyotajwa hapo juu.” Kisha sentensi yako mahususi inafuata papo hapo, kwenye aya ile ile. Imekuwa ya pili kwa nafasi, lakini ndiyo ya kwanza kusomwa kwa makini.

Lugha inapoikamata sentensi

Nimeona sentensi zenye ushahidi mzuri zikizimwa na maneno matatu au manne ya kiofisi, nayo ni rahisi kuyatambua. “Nilishiriki katika kuboresha mfumo wa utunzaji” haisemi ulifanya nini: ulibeba katoni, au ulibuni mfumo? Taja tendo lako. “Nilifanikiwa kuweza kupunguza” ni “nilipunguza”. “Uboreshaji ulifanyika” unamficha mtendaji, na mtendaji ndiye anayeomba kazi. Na ukikuta “ambayo” au “ambalo” mara mbili kwenye sentensi moja, jua zimo sentensi mbili zilizofungwa kamba moja, zitenganishe.

Halafu isome kwa sauti, kwa pumzi moja. Ukiishiwa pumzi kabla ya kituo, ni ndefu. Maneno 20 hadi 30 yanatosha kwa kawaida. Ya mwombaji wetu ina 30.

Mtego mwingine ni kumsifu mwajiri. Ukiacha maneno yaliyochakaa, kishawishi kinachofuata ni kuandika “Nimevutiwa sana na mafanikio ya kampuni yenu.” Inaonekana mahususi kwa sababu ina jina lao, lakini ipitishe kwenye swali la pili: badilisha jina la kampuni, je inasimama? Inasimama, basi ikate. Kumtaja mwajiri kunafaa pale tu unapotaja jambo walilolifanya linalogusana na kazi yako, na wewe ukaeleza linavyogusana.

Kama huna kazi ya kuitolea ushahidi

Aliyemaliza masomo juzi hana katoni za kuhesabu, na hapa ndipo “Mimi ni kijana niliyehitimu” huzaliwa. Hatua ni zile zile, ila ushahidi unatoka kwingine: mafunzo kwa vitendo, mradi wa mwisho, kazi ya kujitolea, hata biashara ya nyumbani. Chukua mhitimu wa uhasibu anayeomba kazi ambayo tangazo lake linasisitiza usuluhishi wa hesabu za benki. Badala ya kutaja chuo na mwaka, anaweza kuandika: “Katika miezi miwili ya mafunzo kwa vitendo nilisuluhisha taarifa za benki za akaunti tatu, na malipo manne yaliyoingizwa mara mbili yakapatikana na kurekebishwa.” Ni kazi ndogo, lakini ni kazi ile ile aliyoitangaza mwajiri, na hakuna aliyeikuza.

Anayebadilisha fani ana tatizo tofauti. Ushahidi anao, ila umevaa nguo za kazi nyingine. Mwalimu anayeomba kazi ya kufundisha wafanyakazi wapya asianze na “Ingawa mimi ni mwalimu”, kwa kuwa “ingawa” inamkumbusha msomaji kasoro kabla hajaona faida. Aanze na tendo linalovuka fani zote mbili: kwamba aliandaa masomo ya wiki mbili ya kuwapokea walimu wapya shuleni kwake, na bado yanatumika. Maelezo ya kwa nini anabadilisha fani yana nafasi yake kwenye aya ya pili.

Ukaguzi kabla ya kutuma

Mpe mtu asiyejua kazi unayoomba asome sentensi mbili za kwanza tu, bila mstari wa YAH. Muulize: “Huyu anaomba kazi gani, na amefanya nini?” Akijibu maswali yote mawili bila kusita, umemaliza. Akijibu la kwanza tu, umeandika ombi bila ushahidi. Akijibu la pili tu, umesahau kufunga na tangazo.

Kisha jihoji mwenyewe kama msaili: umejuaje ni robo tatu? Nani mwingine alihusika? Ilichukua muda gani? Nini hakikwenda sawa? Ukipata swali ambalo linakufanya utafute maneno, punguza dai mpaka uweze kulijibu kwa utulivu. Mwombaji wetu akiulizwa kuhusu robo tatu atataja fomu za hesabu na leja ya mapokezi. Akiulizwa kuhusu wengine atasema mfamasia na wauguzi ndio waliozitumia dawa kwanza, yeye kazi yake ilikuwa kuwapa orodha kwa wakati.

Usiihifadhi sentensi hii kama kiolezo cha barua zote zijazo. Ukiituma kila mahali itachakaa kama ile ya zamani. Kihifadhi kile kikaratasi cha ushahidi. Wiki ijayo mwombaji wetu akiona tangazo la ghala la vipuri linalosisitiza kumbukumbu sahihi na hesabu zinazolingana, dawa zilizoisha muda hazitamsaidia. Atarudi kwenye kikaratasi, atachukua mstari wa kadi za stoo, atakagua fomu zake upya, na ataandika: “Nilipoanza kazi stoo kadi nyingi zilikuwa hazijazwi, leo kila aina ya bidhaa ina kadi, na kwa miezi mitatu mfululizo hesabu ya rafuni imelingana na ya kwenye leja.”